Tupeane uzoefu: ulishawahi kuharibu prompti iliyokuwa inafanya kazi vizuri?

Fundi_Kimya: Naanza mimi. Prompti yangu ilikuwa inapanga meseji za wateja kwenye makundi manne, malalamiko, swali, kurudisha bidhaa na mengine, na nilikuwa na meseji 40 za kujipima ambazo majibu yake nayajua. Toleo la 7 lilikuwa linapata 34. Jioni moja nikaongeza mifano mitatu, nikashusha `temperature` kutoka 0.7 hadi 0, nikafuta na ile sentensi ya "kama huna uhakika andika mengine", vyote kwa mpigo, nikasevu juu ya ile ya zamani. Ikashuka 29. Sikujua mkosaji nani na ya zamani nilikuwa sina, nikakaa usiku kucha naiokoteza kwa kukumbuka.

Bi_Tulivu: Kusevu juu ya ya zamani!! Yalishanikuta.

Chapchap: Sasa `temperature` ikiwa 0 jibu ni lilelile siku zote, unapima mara moja tu inatosha.

Fundi_Kimya: Inapunguza kuyumba ila haikuhakikishii, modeli nyingi hata kwenye 0 bado jibu linaweza kubadilika kidogo. Toleo la 7 nililirudia mara tatu nikapata 33, 34, 35, kwahiyo nikiona imepanda moja sishangilii. Baada ya pale nikaanza kuandika hivi, kila mstari umetoka v7, badiliko moja tu:

```
v8  | temperature 0.7 -> 0 | 34 | baki
v9  | +mifano 3            | 30 | tupa
v10 | -sentensi ya mengine | 32 | tupa
```

Ile ya mifano ndo ilinifundisha. Nilifungua zile zilizokosewa moja moja, karibu zote ni maswali yaliyoitwa malalamiko, kumbe mifano yangu yote mitatu ilikuwa ya malalamiko! Jumla peke yake isingenionyesha hilo. v11 nikaweka mfano mmoja kila kundi, 37.

Mama_Picha: Mimi prompti ya bidhaa yangu ni ya picha za viatu, nabadilisha mwanga tu lakini kiatu nacho kinageuka, kwanini?

Bi_Tulivu: Dada hapa wanaongelea maandishi, ila angalia `seed`, ile namba ambayo picha inaanzia, ukiiacha ijichagulie yenyewe kila picha hapo umebadilisha vitu viwili bila kujua. Iandike kwenye daftari.

Chapchap: Moja moja ni kupoteza muda. Mimi nikibadilisha jina la kundi lazima niguse na mifano, sasa hapo ni moja au mbili?

Fundi_Kimya: Hapo nahesabu moja maana haviachani. Ila mifano isiongezeke wala kupungua siku hiyo.

Bi_Tulivu: Mi nahesabu mbili. Nilifanya hivyo na mifano ikabadilika mpangilio, matokeo yakaruka, hadi leo sijui ni jina au ni mpangilio.

Chapchap: Na zile meseji 40 ukishazirekebishia prompti mara kumi si imeshazizoea hizohizo tu?

Fundi_Kimya: Hilo kweli. Nina 20 nyingine sijawahi kuzigusa, v11 naipitishia huko kesho.