Maharage ya kuchemsha kwa kikombe: wiki ya kwanza

Kikundi: Majirani Tabata

JUMATATU

Baba Neema: Habari za jioni majirani. Mliniambia niwe naandika yanayojiri kwenye maharage, haya ya leo. Kilo 4 za njano zimelowekwa tangu saa 3 usiku. Alfajiri nimemwaga maji ya kulowekea, nikatia mapya, nikabandika. Yameiva baada ya saa moja na nusu. Maharage 12,000, mkaa 3,000. Kilo moja kavu inatoa vikombe 12 na kidogo vya robo lita yakishachujwa. Kikombe 500. Nilikuwa na vikombe 50, vimetoka 31.

Mzee Kondo: Gunia unauzaje? Nataka ya Kigoma.

Baba Neema: Shikamoo mzee. Siuzi makavu. Nauza yaliyokwisha chemshwa, mtu anaenda nyumbani kuunga tu.

Mzee Kondo: Marahaba. Sasa nani asiyejua kuchemsha maharage mji huu?

Dada Rehema: Kujua wanajua mzee, mkaa ndio shida. Jiko linakaa saa nzima na zaidi kwa ajili ya watu wawili.

Hamisi: Kwa hiyo 15,500 umeingiza, 15,000 imetoka. Faida mia tano 😂

Baba Neema: Hesabu ndiyo hiyo. Ila kilichonishangaza ni maswali. Nilijipanga kutetea bei, bei hawakuigusa sana. Cha kwanza ni "umetia magadi?" Cha pili ni "supu iko wapi?" Mama mmoja kanyanyua bakuli lake, kalitazama, kasema "haya makavu hivi nitaungaje?"

Mama Zulfa: Wape supu, lakini usiipime ndani ya kikombe. Chota maharage kwa mwiko wa matundu mpaka kikombe kijae, mimina kwenye bakuli la mteja, halafu upawa mmoja wa supu juu yake bure. Ukichota vyote pamoja, theluthi ya kikombe inakuwa maji. Hapo kijiweni hataona, ataona akifika kwake, na kesho hapiti.

JUMANNE

Baba Neema: Leo supu pembeni kama alivyosema Mama Zulfa. Vikombe 38. "Supu iko wapi" haijasikika tena. Sasa wanauliza kama yana chumvi. Nikisema hayana, wengi wanafurahi, wanasema wataweka wenyewe. Kijana mmoja tu wa gheto alitaka yaliyoungwa kabisa.

Hamisi: Huyo kijana ndiye soko lako bro. Unga kitunguu na nyanya, uza 1,000.

Mama Zulfa: Akiunga amehamia biashara nyingine, ya mama lishe. Na yaliyoungwa yanaharibika haraka zaidi.

JUMATANO

Baba Neema: Leo kazi. Maharage ya mfuko uleule, yamelowekwa muda uleule, saa mbili na nusu kiini bado kigumu. Mkaa umekula 5,000. Bomba halikutoa, nikatumia maji ya kisima cha jirani.

Hamisi: Si unaona, maji ya kisima yana chumvi. Chumvi inazuia maharage kuiva. Tia magadi, yanalainika fasta na mkaa unapungua.

Mama Zulfa: Kisima umekipatia Hamisi, chumvi unaisingizia. Chumvi ya mezani hata ukiitia kwenye maji ya kuloweka, ganda linalainika vizuri tu. Kinachogomesha ni chokaa iliyomo kwenye maji ya visima vingi, inakaza ganda na nyama ya ndani. Angalia birika la mwenye kisima. Likiwa na ukoko mweupe ndani, na sabuni haitoi povu, maji hayo ni ya kuoshea vyombo tu. Nyanya na ndimu nazo hivyohivyo: ukizitia kabla maharage hayajaiva, yatabaki magumu.

Hamisi: Na magadi?

Mama Zulfa: Magadi yanalainisha kweli. Yakizidi kidogo ganda linabanduka, maharage yanakuwa uji, supu inanuka sabuni. Wateja wameshamuuliza kabla hajatia, atatiaje? Baba Neema, weka ndoo mbili za maji ya bomba kwa ajili ya kuchemshia tu.

Dada Rehema: Yangu ya wiki iliyopita yaligoma na maji yalikuwa ya bomba.

Mama Zulfa: Basi hayo yalikuwa ya zamani. Yakikaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevu, hata uyachemshe vipi kiini kinabaki. Kabla ya kununua mfuko omba kiganja kimoja, loweka usiku, chemsha saa moja na nusu. Bonyeza matano kwa vidole. Moja likikataa, usinunue.

Mzee Kondo: Ndiyo maana nauliza ya Kigoma. Mapya yanatambulika kwa rangi.

Mama Zulfa: Rangi inasaidia mzee, ila haitoshi. Wapo wanaoyapaka mafuta yang'ae.

ALHAMISI

Baba Neema: Leo nilipanga kituo cha daladala jioni, nikitegemea watu wanaotoka kazini. Vimetoka vikombe 9 tu. Wanasimama, wanauliza, wanasema "nitabebea nini?" Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na mtu hatoki ofisini na bakuli. Asubuhi mtaani kila mtu anakuja na chombo chake.
Halafu saa 10 jioni nimefunua ndoo ya pili: povu juu, utelezi, harufu ya uchachu. Nimemwaga yote.

Hamisi: Ungeyachemsha tena tu, wadudu wanakufa.

Mama Zulfa: Wadudu watakufa, sumu waliyokwisha iacha inaweza kubaki hata ikichemka. Hayo ni ya kumwaga. Ndoo ulifunika yakiwa ya moto?

Baba Neema: Ndiyo, nikijua joto litayalinda.

Mama Zulfa: Joto la moto mkali linalinda, joto la vuguvugu linachachisha, na ndoo iliyofunikwa inakaa vuguvugu mchana kutwa. Chagua moja: yabaki jikoni yanatoa moshi muda wote, au yachuje, yatandaze kwenye masinia yasizidi vidole viwili, usifunike mpaka mvuke uishe. Supu ipoze kwenye sufuria yake. Kwa joto la Dar, yaliyopoa uza mpaka mchana tu.

IJUMAA

Baba Neema: Nimejaribu makopo ya mfuniko kituoni, amana 500, ukirudisha kopo unarudishiwa. Yametoka 14. Mmoja kaniambia "kwa hiyo kikombe ni 1,000?" akaondoka. Neno amana halimwingii mtu anayewahi gari.
Sikutegemea hili: mama lishe wa pale kona kachukua kilo 2 nzima kabla ya saa 2 asubuhi. Anasema jiko lake asubuhi liko kwenye chai na vitumbua. Anataka kila siku, lakini yasiive sana, ayamalizie kwenye nazi.

Dada Rehema: Huyo mmoja kawashinda wa kituoni wote.

Mama Zulfa: Yake yatoe dakika 15 kabla ya mengine, na yaende na supu yake. Ila mpe bei ya kilo kavu, usimpimie vikombe, maana yeye anajua kilo inatoa sahani ngapi. Ukimtoza 5,000 kwa kilo, naye anapumua na wewe unapumua.

JUMAMOSI

Baba Neema: Mtaani vikombe 25, yameisha saa 4 asubuhi. Kituoni sikwenda. Mama lishe kachukua zake mbili kwa bei hiyo. Nafikiria kupandisha hadi kilo 8.

Hamisi: Panda hata 10, moto umewaka!

Dada Rehema: Leo tarehe ngapi? Mishahara imetoka juzi. Subiri tarehe 15 tuone.

Baba Neema: Tarehe 15 si ndiyo mkaa unawashinda watu zaidi? Watakuja wengi.

Dada Rehema: Au watarudia dagaa.

Mama Zulfa: Hilo hakuna anayelijua hapa. Loweka 6. Mbili za mama lishe ziwe kwenye sufuria yake, zisichanganyike.