Tupeane uzoefu: "I like very much it" na wenzake kwenye barua pepe

Mleta mada: Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha, Dar. Juzi nilimwandikia mteja kuhusu fomu yake mpya: *I like very much it. Always I check the invoice before sending.* Bosi aliyewekwa nakala akanirudishia, kapigia mstari sentensi zote mbili, bila maelezo. Iliniuma, maana kila neno nalijua. Nani kapitia haya?

Mwalimu wa Arusha: Pole. Chanzo ni lugha yetu. Ukisema "nimeipenda sana", ile *-i-* imo ndani ya kitenzi, na "sana" inafuata papo hapo. Kwa Kiingereza unaandika *like*, unabandika *very much*, ndipo unakumbuka *it* haijatajwa, inaangukia mwisho. Wenyewe hawataki kitu kati ya *like* na *it*. Andika *I like it very much*, au *I very much like it*. Ila *I very like it* ni kosa.

*Always* nayo umeitoa kwenye "kila mara nakagua". Kwao hutangulia kitenzi kikuu: *I always check*. Ikiwepo *am* au *is*, hukaa baada yake: *I am always available*. Ikiwepo *have*, huingia katikati: *I have always checked*.

Mdau Mombasa: Mimi nilishika kanuni moja tu, maneno ya namna hiyo yasianze sentensi kamwe.

Mwalimu wa Arusha: Hapo umefika nusu, ndugu yangu. *Usually I check* na *Sometimes I check* ni sahihi. Hata *always* huanza ukitoa agizo: *Always check the invoice*.

Wa Namanga: Mimi nilisemwa kwa *Kindly revert*, nikimaanisha "tafadhali nijibu". Nayo ni hii hii?

Mleta mada: Hapana mkuu, hiyo ni maana ya neno. Yangu ni mahali pa neno.

Dada wa Kisumu: Mimi kabla ya kutuma nabonyeza Ctrl+F, natafuta *very much*, *always* na *carefully*, kisha naangalia kila moja imekaa wapi. Wiki jana nilinasa *Please check carefully it*, nikaigeuza *Please check it carefully*. Lakini mteja wetu Mwingereza kaandika *Please read carefully all the documents attached to this email*. Naye kakosea?

Mwalimu wa Arusha: Hajakosea. Kinachosomwa hapo ni kirefu. *Carefully* ikingoja mpaka mwisho itakuwa mbali na *read*, msomaji adhani inahusu kuambatisha. Kwa *it* huna ruhusa hiyo.

Dada wa Kisumu: Kirefu kiasi gani? *Read carefully the contract* inapita?

Mwalimu wa Arusha: Mimi ningeisahihisha.

Mdau Mombasa: Kwenye mikataba tunayoletewa naiona hivyo hivyo, na walioiandika ni mawakili.