Mjadala: Katiba ya chama iandikwe kwa namba za Kirumi au kwa tarakimu za kawaida?

Katibu wa Kamati: Chama chetu cha akiba na mikopo kinaandika upya katiba yake. Katika rasimu, sehemu zimepewa namba I, II, III, na vipengele vya ndani kabisa (i), (ii), (iii). Nusu ya kamati inataka tarakimu za kawaida mahali pote, na nusu nyingine inasema kwamba hati isiyo na namba za Kirumi haionekani kuwa ya kisheria. Ninyi mnasemaje?

Mwandishi wa Rasimu: Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, nanyi mtaona kwamba sura zimeandikwa kwa maneno, sehemu kwa namba za Kirumi, ibara kwa tarakimu za kawaida na aya kwa herufi ndogo zilizofungwa ndani ya mabano. Huo si urembo. Kila ngazi imepewa vazi lake ili msomaji asichanganye sehemu na ibara. Namba za sehemu huanza upya katika kila sura: Sehemu ya II ya Sura ya Kwanza inahusu malengo ya msingi na mwelekeo wa shughuli za Serikali, ilhali Sehemu ya II ya Sura ya Pili inamhusu Makamu wa Rais. Ibara, kinyume chake, huenda mfululizo tangu ya 1 hadi ya 152, na ndizo zinazotajwa mahakamani na katika barua. Kwa hiyo namba ya Kirumi imewekwa mahali ambapo haibebi mzigo, na hata ikikosewa msomaji hapotei.

Tatizo langu liko chini, kwenye vipengele vya ndani. Ibara ya 9 ya Katiba hiyohiyo ina aya (a) hadi (k). Baada ya (h) inafuata (i), na hiyo ni herufi, yaani aya ya tisa. Pale haichanganyi, kwa kuwa ibara ile haina ngazi nyingine chini ya aya zake. Mkiwa na orodha ndefu ya herufi, na chini ya herufi mojawapo mkaweka (i), (ii), (iii), mtakuwa na alama moja yenye maana mbili ndani ya kanuni moja.

Mama Mweka Hazina: Hayo ya (i) yametupata. Kanuni yetu ya 14 inaorodhesha kazi za mweka hazina kuanzia (a) hadi (j), na chini ya (c) kuna masharti matatu ya kutoa fedha benki, (i) hadi (iii). Mwandishi wa muhtasari aliandika kwamba mkutano umesimamisha “kanuni ya 14(i)”. Alikusudia 14(c)(i), sharti la saini tatu, lakini waliousoma muhtasari baadaye walielewa kwamba kilichosimamishwa ni aya ya tisa, yaani wajibu wa kuwasomea wanachama hesabu kila robo mwaka. Kwa miezi sita hesabu hazikusomwa, na kila mtu aliamini kwamba anafuata uamuzi wa mkutano.

Mwalimu wa Hisabati: Pole, Mama, ila hilo ni kosa la mwandishi aliyeruka (c), si la Warumi. Siku hizi namba hujiweka zenyewe kwenye kompyuta: ukiongeza sehemu katikati, zote zinazofuata hubadilika. Ukitumia namba za kujiweka, ubishi huu wote unakwisha.

Mwandishi wa Rasimu: Ni kweli kwa vichwa vya sehemu, Mwalimu, lakini si kwa maneno yanayovitaja. Mtu akiandika kwa mkono katikati ya aya “kama ilivyoelezwa katika Sehemu ya IV”, kisha sehemu mpya ikaingizwa kabla yake, kichwa kitageuka kuwa V na ile IV ya ndani ya aya itabaki pale pale. Tarakimu za kawaida zina ugonjwa huohuo. Tofauti ni kwamba jicho la mhariri hupita juu ya IV na VI kwa wepesi zaidi kuliko juu ya 4 na 6, kwa sababu herufi ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu.

Mzazi, Morogoro: Mimi nadhani namba hizi zifutwe shuleni kabisa. Mwanangu alijaza fomu ya kuomba kazi akaandika “Kidato cha VI” badala ya “Kidato cha IV”, akaitwa ofisini kuulizwa cheti cha kidato cha sita ambacho hana. Alionekana mwongo.

Mwalimu wa Hisabati: Ndugu Mzazi, tunazungumzia katiba ya chama, si madarasa. Hata hivyo mfano wako una uzito. IX na XI nazo zikigeuzwa huzaa namba nyingine halali, hivyo hakuna kinachomshtua msomaji. Lakini 13 na 31 ni vivyo hivyo. Tusizionee namba za Kirumi peke yake.

Fundi wa Kompyuta: Kuna jambo dogo ambalo kamati italiona siku ya kuhifadhi. Mkiweka kila sehemu kwenye faili lake, kompyuta itayapanga kialfabeti hivi:

```
Sehemu_III
Sehemu_IV
Sehemu_IX
Sehemu_V
```

Ya tisa inatangulia ya tano. Kwa tarakimu, andikeni 01, 02, 03, la sivyo 10 inaweza kutangulia 2.

Msomaji Asiyeona: Mimi husoma kwa programu inayotamka maandishi ya skrini. “Sehemu ya 5” huitamka kwa namba. “Sehemu ya V” huitamka kama herufi, na “(i)” nayo huitamka kama herufi tu. Kama chama kina wanachama kama mimi, tafadhali lipimeni hilo kabla ya kuzungumzia sura ya kisheria.

Wakili, Mombasa: Hiyo hoja ya “sura ya kisheria” haina mashiko. Katiba ya Kenya ya 2010 inazipa sehemu zake tarakimu za kawaida, na hakuna aliyeiona pungufu kwa ajili hiyo. Ila haikuachana na (i): ibara ya 49(1)(a) inaorodhesha kwa (i), (ii), (iii) mambo ambayo mtu aliyekamatwa lazima aelezwe, yaani sababu ya kukamatwa, haki ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Orodha ya herufi katika ibara ndogo hiyo inaishia (h), kwa hiyo hazigongani. Mimi ningebakiza (i) kwa sharti kwamba herufi zisivuke (h). Zikivuka, kanuni hiyo ni ndefu mno na inafaa igawanywe mara mbili.

Mwandishi wa Rasimu: Hapo tunatofautiana, Wakili. Kazi za mweka hazina zikiwa kumi ni kumi, na kuzigawa kwa kuogopa alama ni kuitumikia alama. Ningeandika 14.3.1, ambayo haina maana ya pili.

Wakili, Mombasa: Nayo 14.3.1 ikisomwa kwa sauti mkutanoni, nani ataikumbuka? “Kumi na nne, c, moja” hushikika.

Katibu wa Kamati: Nimeona kwamba sehemu zinaweza kupewa tarakimu bila hasara. Kwenye vipengele vya ndani bado nakwama, kwa kuwa mihutasari yetu ya miaka yote inataja 14(c)(ii) na mfano wake. Tukibadilisha, maamuzi ya zamani yatasomwaje?

Mama Mweka Hazina: Wekeni jedwali mwishoni mwa katiba, upande mmoja namba ya zamani, upande wa pili mpya.

Wakili, Mombasa: Jedwali halitoshi lisipotajwa ndani ya kanuni zenyewe. Na kanuni mkizigawa au kuziunganisha, namba moja ya zamani itakuwa na wenzake wawili. Nileteeni kanuni ya 14 yote nione.