Chembe sahani 612 wiki sita baada ya upasuaji: ni madini ya chuma au ugonjwa wa uboho?

Mama Tesha
Habari zenu wakuu. Nina miaka 37. Nilifanyiwa upasuaji wa kutoa fibroidi baada ya kutokwa na damu nyingi ya hedhi kwa muda mrefu, kisha kidonda kikapata maambukizi. Wiki ya pili chembe sahani zilikuwa 810, sasa ni wiki ya sita zipo 612, na mwisho wa kawaida ni 450. Hb 9.1, MCV yaani ukubwa wa chembe nyekundu 69, feritini yaani akiba ya chuma 41, CRP yaani kipimo cha uvimbe mwilini 38. Daktari mmoja amesema huenda ni ugonjwa wa uboho, tangu hapo usingizi sina. Naombeni ushauri.

Kakakuona
Pole sana dada. Mimi walinipima wakati wa dengi, zikashuka hadi 40. Kunywa maji mengi, na waulize kama utahitaji kuongezewa chembe sahani.

Shaibu K
Kakakuona, soma vizuri, za kwake zimepanda.
Dada, feritini 41 ipo ndani ya kiwango, kwa hiyo chuma unacho. Sababu ni upasuaji na maambukizi tu. Subiri zitashuka zenyewe.

Fundi wa Darubini
Shaibu, kwenye upasuaji na maambukizi nakubaliana nawe. Kushuka kutoka 810 hadi 612 ndiyo tabia ya chembe zilizopandishwa na jambo la kupita: baada ya upasuaji hupanda, hufika kileleni karibu na wiki ya pili, kisha hurudi polepole. Za ugonjwa wa uboho kwa kawaida hubaki juu au huendelea kupanda.

Ila hiyo feritini isikudanganye. Feritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, na CRP ya 38 inaonyesha moto bado haujazimika. Kwa mtu mzima mwenye maambukizi, Shirika la Afya Duniani huhesabu feritini iliyo chini ya 70 kuwa ni upungufu. Ukiongeza MCV ya 69 na miaka ya hedhi nzito, mimi naamini chuma kimekwisha. Aombe kipimo cha kiwango cha transferini kilichobeba chuma. Kikiwa chini ya asilimia 16, jibu limepatikana.

Mama Tesha, nina maswali mawili. Chembe nyekundu, RBC, zilikuwa ngapi? Na je, una karatasi ya vipimo vya kabla ya upasuaji?

Nyota ya Kusi
Shemeji yangu naye aliambiwa hivyohivyo, "zitashuka". Zikabaki 700 na kitu mwaka mzima, hana maambukizi, hana upungufu wa chuma. Akapata damu kuganda mguuni, ndipo wakapima badiliko la jeni ya JAK2 linaloonyesha ugonjwa wa uboho, ikawa chanya. Usikubali kusubiri bila tarehe.

Mama Tesha
RBC ni 4.1. Nimeikuta karatasi ya mwaka jana, kabla ya upasuaji: chembe sahani 540. Hb ilikuwa 8.7.

Fundi wa Darubini
RBC ya 4.1 inanipa nafuu. Kuna ugonjwa wa uboho unaozalisha chembe nyekundu kupita kiasi, na upungufu wa chuma huweza kuuficha: Hb inaonekana ya kawaida, kumbe RBC ipo 6 na zaidi huku MCV iko chini. Kwako hakuna picha hiyo.

Ile 540 ndiyo inayonifanya nisiseme "upasuaji tu". Upasuaji haukuwepo mwaka jana, ila hedhi nzito ilikuwepo, na Hb ya 8.7 inaelekea kwenye chuma tena. Sasa fibroidi imetoka, damu haipotei. Mueleze daktari wako hivyo, umuombe mrudishe chuma, halafu mrudie picha nzima ya damu, feritini na CRP baada ya miezi mitatu hivi. Feritini ikijaa, CRP ikishuka, na chembe sahani bado zipo juu ya 450, hapo JAK2 inafuata, na ikiwa hasi, jeni nyingine za aina hiyo, CALR na MPL, pamoja na BCR-ABL. Aipapase bandama pia.

Kuganda kwa damu mguuni, maumivu ya kifua, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja havisubiri miezi mitatu.

Shaibu K
Kwa hiyo aanze aspirini wakati anasubiri?

Fundi wa Darubini
Asianze mwenyewe. Chembe zilizopandishwa na upungufu wa chuma kwa kawaida hazihitaji aspirini, na huyu ametoka kupoteza damu miaka.

Mama Tesha
Majibu ya transferini yametoka: asilimia 8. Nimeandikiwa chuma. Daktari bado anataka JAK2 sasa hivi, kwa sababu ya ile 540.

Fundi wa Darubini
Siwezi kumlaumu, ni damu ya mkononi tu. Mimi ningesubiri chuma kwanza. Ila ukipima na ikawa hasi, usiifunge kesi hapo: karibu nusu ya wenye ugonjwa wa uboho unaopandisha chembe sahani peke yake hawana badiliko la JAK2. Rudio la baada ya chuma lifanyike vilevile.