Robo ya kwanza: Excel 5.5, SPSS 4.75. Tufuate ipi?

Zuhura_T: Wakuu, nina dakika za kusubiri za wagonjwa 10: 2, 4, 5, 7, 8, 11, 12, 15, 20, 31. QUARTILE ya Excel inatoa robo ya kwanza 5.5 na ya tatu 14.25. SPSS, kwenye Frequencies, inatoa 4.75 na 16.25. Kati ni 9.5 kotekote.

Kibao: Kagua seli, huenda namba moja imeingia kama maandishi. Excel huiruka kimyakimya.

MzeeJedwali: Hapana, Kibao. Ingerukwa moja zingebaki 9, na kati ingekuwa 8 au 11, si 9.5. Hapa kinachotofautiana ni kanuni ya kutafuta nafasi. Excel huchukua 9 × 0.25 + 1, yaani nafasi ya 3.25: kutoka 5 unasogea robo ya njia kuelekea 7, unapata 5.5. SPSS huchukua 11 × 0.25, nafasi ya 2.75: kutoka 4 robo tatu ya njia kuelekea 5, ndiyo 4.75. Ukitaka Excel ifanane na SPSS, andika `=QUARTILE.EXC(A1:A10,1)`. Kwenye R:

```r
quantile(x, 0.25, type = 7)  # Excel
quantile(x, 0.25, type = 6)  # SPSS
```

Neema88: Kwa kifupi EXC ni ya sampuli, INC ni ya kundi zima.

MzeeJedwali: Hiyo ni ya STDEV.S na STDEV.P, dada. R yenyewe hutumia ya 7 bila kuambiwa, na watu huipa sampuli kila siku.

Chausiku: Mimi natumia SAS, inanipa 5 na 15. Sasa ni majibu matatu!

MzeeJedwali: Sawa kabisa, hiyo ni `type = 2`: nafasi 2.5 inapandishwa hadi ya 3, bila kugawa pengo.

Zuhura_T: Lakini robo tatu ya dakika ina madhara gani?

MzeeJedwali: Jaribu 31 kwa kanuni ya namba za ajabu: robo ya tatu, ongeza mara 1.5 ya pengo kati ya robo ya kwanza na ya tatu. Kwa Excel mpaka wa juu ni 27.375, 31 iko nje. Kwa SPSS ni 33.5, imo ndani. Pesentaili ya 90 ni mbaya zaidi: 21.1 dhidi ya 29.9, kwa sababu kule mkiani majirani wameachana. Na `PERCENTILE.EXC` ya 0.95 itakutupia #NUM!, maana kwa namba 10 haivuki 10/11.

Kibao: Basi data ikiwa nyingi yaisha.

MzeeJedwali: Kwenye robo nafasi hubaki zimepishana nusu hata ukiwa na elfu. Ila kwa kawaida majirani wanakuwa wamebanana, huoni tofauti. Mkia mrefu bado unasumbua.

Chausiku: Hyndman na Fan, 1996, walipendekeza ya 8. Kwa nini hatuitumii?

Neema88: Kwa sababu mkuu wa idara ana Excel tu. Zuhura, taja kanuni chini ya jedwali.

Zuhura_T: Nitataja. Lakini 31 niipake rangi ya namba ya ajabu au nisiipake?