Kredi, kadi ya zawadi au kadi ya benki: ipi afadhali mtoto akinunua vitu vya gemu kwa bahati mbaya?

Mama Swafiya (Langoni, Lamu)
Asalaam aleikum. Jana baada ya Maghrib mwanangu wa miaka 8 alishika simu yangu ya Android akanunua almasi za gemu za Sh1,300. Zote zimekatwa kwenye kredi niliyoweka ya bando. Hakuulizwa nywila wala alama ya kidole. Risiti imeingia kwenye baruapepe. Je, pesa zitarudi? Na siku za mbele nilipie kwa njia gani ambayo kurudishiwa si taabu?

Bin Omar
Waaleikum salaam, pole dada. Tuma ujumbe wa muamala kwa 456 wakurudishie. Mimi nilituma pesa kwa namba siyo, zikarudi.

Fundi wa Barani (Malindi)
Bin Omar, 456 ni ya M-Pesa iliyokwenda kwa mtu asiye yeye. Hapa iliyokatwa ni kredi, na aliyeuza ni Google Play, kwa hiyo dai linaanzia huko.

Mama Swafiya, fanya leo hii. Ndani ya saa 48 tangu kununua, Google yenyewe hulipokea ombi lako. Zikipita, kwa kawaida utaambiwa umtafute aliyetengeneza gemu, na huyo ana masharti yake. Fungua play.google.com ukiwa kwenye akaunti ileile iliyonunua, ingia sehemu ya oda, tafuta ununuzi wa jana, bonyeza "Report a problem". Linganisha namba ya oda na ile iliyo kwenye risiti, huanza na GPA.

Kwenye sababu ndipo wengi wanapojiharibia. Chagua ile inayosema ununuzi ulifanywa kwa bahati mbaya, au na mtu wa familia bila idhini yako. Usiseme akaunti imeingiliwa na mtu usiyemjua. Hiyo ni fomu nyingine, ya wizi, na mwanao si mwizi. Andika maneno machache: mtoto ana miaka 8, alinunua saa fulani, almasi hazijatumika. Na kweli zisitumike! Mwondoe kwenye gemu mpaka jibu lije, kwa kuwa pesa zikirudi almasi nazo huweza kuondolewa.

Jibu huja kwa baruapepe, mara nyingi ndani ya siku moja, ikizidi sana siku nne.

Chausiku_Watamu
Hata mimi kredi inaliwa kila asubuhi, shilingi kidogo kidogo, halafu naletewa ujumbe wa matokeo ya mpira. Niombe kwa Google?

Fundi wa Barani
La, Chausiku. Hiyo ni huduma ya ujumbe uliyojiunga nayo, pengine bila kujua. Angalia oda zako za Play. Kama hakuna kitu, Google haihusiki. Zungumza na kampuni yako ya simu.

Salim wa Shela
Kwa swali la pili, mimi nasema kadi ya zawadi. Inaisha ilipo, mtoto hawezi kupita hapo.

Fundi wa Barani
Kwa kuzuia hasara, sawa. Lakini kadi ukishaiingiza kwenye akaunti hairudi kuwa pesa mkononi. Ukikubaliwa ombi, thamani inarudi kwenye salio la Google Play, na hapo huja upesi, siku moja hadi tatu. Angalieni pia nchi: kadi ambayo ndugu amekununulia Dubai haitakubali kwenye akaunti ya Kenya. Na muuzaji akitaka picha ya namba za kadi kabla ya kitu chochote, mwache.

Kredi hurudi kuwa kredi, na inaweza kuchukua hadi siku 30 za kazi, inategemea kampuni ya simu. Kadi ya benki kwa kawaida siku 3 hadi 5, ila ndiyo iliyo wazi zaidi, maana nyuma yake kuna akaunti nzima.

Salim wa Shela
Basi hata kredi ina mpaka wake. Weka mia mbili tu, atanunua nini?

Fundi wa Barani
Ndiyo, kama hununui bando kwa laini hiyohiyo. Mama Swafiya ndiyo yaliyomfika. Njia yoyote utakayochagua, dada, ingia Play Store, picha ya akaunti, Settings, kisha "Purchase verification", uweke iulize kila ununuzi. Kuna chaguo la kutouliza kabisa, nadhani ndilo lililokuwa limewekwa.

Mama Swafiya
Ahsante, Mola akulipe. Kweli ilikuwa imewekwa isiulize, nimeibadilisha. Ombi nimelituma kwa sababu ya mtu wa familia. Lakini almasi chache alishazitumia kununua nguo za mchezaji wake. Nimeandika hivyo hivyo, sikuficha.

Fundi wa Barani
Umefanya vizuri kusema. Hapo sikuahidi kitu. Wanaweza kukubali au kukataa. Wakikataa, mwandikie aliyetengeneza gemu, baruapepe yake iko chini ya ukurasa wa gemu kwenye Play Store. Mpe namba ya oda.