Naomba ushauri: rangi nyekundu inapotea mwishoni mwa titresheni ya Volhard na kloridi inatoka pungufu

MpimaChumvi

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kupima chumvi katika papa wa chumvi, na kwa kuwa sampuli huchemshwa kwanza katika asidi ya nitriki, tunatumia njia ya Volhard. Ili nisimsingizie samaki, nimeijaribu njia yenyewe kwa chumvi safi iliyokaushwa. Nilipima kwa pipeti mililita 20.00 za NaCl ya moli 0.1000 kwa lita, nikatia asidi ya nitriki, kisha mililita 25.00 za AgNO3 ya nguvu ileile. Mashapo meupe yalishuka vizuri. Nikaongeza mililita moja ya alamu ya chuma iliyokolea kabisa, nikaanza kudondosha KSCN ya moli 0.1000 kutoka kwenye bureti, ujazo wote ukiwa karibu mililita 100.

Fedha iliyobaki ni milimoli 0.500, kwa hiyo nilitarajia bureti isome 5.00. Wekundu wa kwanza ulionekana kwenye 5.3, lakini nikitikisa flaski unafifia na kupotea. Nikiongeza tone unarudi, nikitikisa unapotea tena. Ulipotulia kwa muda wa kuridhisha nilikuwa nimefika 5.8. Nguvu ya KSCN nimeihakiki dhidi ya AgNO3 hiyohiyo, pasipo kloridi, na mwisho wake ulikuwa mkali na thabiti. Kasoro iko wapi?

Kipimo_Pwani

Ndugu, hilo ni jambo la kawaida. Thaiosayaneti inaila kloridi ya fedha, ndiyo maana rangi inakimbia. Usitikise sana, na usome bureti mara tu wekundu wa kwanza unapoonekana. Kama bado unapata pungufu, tafuta kizidisho. Hapo kloridi yako imetoka milimoli 1.92 badala ya 2.00, basi zidisha majibu yako yote kwa 1.04 na kazi imekwisha.

MajiYaKisima

Samahani kuingilia, lakini kwa nini kujisumbua na titresheni ya kurudi nyuma? Mimi napima kloridi katika maji ya visima kwa kromati ya potasiamu, moja kwa moja na AgNO3. Rangi ya matofali ikitokea haipotei, na sihitaji thaiosayaneti wala chuma.

MpimaChumvi

Nashukuru, dada, ila sampuli yangu ina asidi kali ya nitriki.

MzeeWaBureti

Kwa MajiYaKisima: maji yako yako karibu na hali isiyo ya asidi wala besi, ndiyo maana kromati inakutumikia. Ndani ya asidi kromati hugeuka daikromati na ile rangi ya matofali haijitokezi panapostahili. Volhard anapendwa kwa sampuli kama hii kwa sababu anafanya kazi ndani ya asidi, na chuma chenyewe kinaihitaji asidi hiyo kisije kikaharibu rangi.

Sasa kwa mwenye uzi. Kipimo_Pwani ametaja chanzo sawasawa, lakini dawa aliyoitoa haiponyi. AgSCN huyeyuka kwa shida zaidi kuliko AgCl. Thaiosayaneti ikishamaliza fedha huru, haisimami hapo kumngojea kiashiria, bali inageukia mashapo:

AgCl + SCN⁻ → AgSCN + Cl⁻

Mwendo huu haukomi mpaka kloridi iliyomo majini iwe takriban mara 180 ya thaiosayaneti huru. Kwa kiasi cha chuma ulichotia, wekundu unaoonekana kwa macho unadai thaiosayaneti huru ya karibu moli 0.0000046 kwa lita. Zidisha kwa 180 upate kloridi ya moli 0.0008 kwa lita, ambayo katika mililita 100 ni milimoli 0.08, yaani mililita 0.8 za KSCN yako. Umesimama kwenye 5.8, kwa hiyo hesabu na bureti zinasema jambo moja.

Tazama pia kwamba katika hesabu hiyo sikuuliza ulianza na kloridi kiasi gani. Kasoro inafuata ujazo wa flaski na kiasi cha chuma. Milimoli 0.08 katika milimoli 2.00 ni asilimia 4, lakini ukileta sampuli yenye milimoli 0.50 tu, kasoro ileile inakuwa asilimia 16. Kizidisho cha 1.04 kitakudanganya siku hiyo, tena bila dalili yoyote.

Kutotikisa nako kuna hasara yake. AgSCN inaposhuka hushika fedha huru juu ya uso wake, na usipotikisa kwa nguvu, wekundu utatokea kabla ya wakati. Hapo kloridi itatoka zaidi. Ndiyo sababu mashapo ya AgCl hufunikwa kwanza, ndipo mtu atikise bila hofu. Tia mililita 2 au 3 za nitrobenzini baada ya AgNO3, funga flaski, tikisa kwa nguvu mpaka mashapo yakusanyike katika mabonge na maji ya juu yang'ae, kisha uanze KSCN. Nitrobenzini hupaka chembe za mashapo na kuzitenga na maji. Flaski iwe baridi, chini ya nyuzi 25, kwa sababu joto la pwani peke yake linatosha kufifisha wekundu wa chuma.

Mfamasia_wa_Zamu

Sisi tunapima bromidi kwa njia hii na hatufuniki kitu, wala rangi haikimbii. Je, hamjatia chumvi kupita kiasi kwenye tatizo hili?

MzeeWaBureti

AgBr huyeyuka kwa shida kuliko hata AgSCN, hivyo thaiosayaneti haina pa kuishambulia. Msichukue utaratibu wa bromidi mkaupeleka kwenye kloridi.

MpimaChumvi

Mzee, shikamoo na asante. Nimefunika kwa nitrobenzini kidogo tuliyokuwa nayo ndani ya kabati la kufyonza hewa, na chumvi safi imesoma 5.02, wekundu ukabaki palepale. Taabu ni kwamba msimamizi hataki tena nitrobenzini maabara, na sina hoja ya kumpinga: ni sumu inayopenya ngozi na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Kuna njia gani nyingine?

Kipimo_Pwani

Chuja. Chemsha kidogo mashapo yagandamane, poza, jaza flaski ya ujazo mpaka mililita 100, chuja kwa karatasi kavu, mwaga mililita za mwanzo, kisha pima 50 za maji yaliyochujwa. Bureti itasoma 2.50 badala ya 5.00, nawe unazidisha kwa mbili. Hapo hakuna AgCl ya kuliwa.

MzeeWaBureti

Hilo nakubali, ingawa kosa lolote la kusoma bureti nalo linazidishwa kwa mbili. Mimi hupendelea kuchuja yote na kuosha mashapo kwa asidi ya nitriki hafifu. Usioshe kwa maji matupu, kwani mashapo yatalegea na kupita kwenye karatasi. Wapo wanaofunika kwa dibutili fthalati badala ya nitrobenzini, lakini nayo si kitu cha kushikashika.

Kipimo_Pwani

Kuosha kunaongeza ujazo, Mzee.

MzeeWaBureti

Ujazo unaleta madhara pale AgCl ilipo. Ikishaondoka, maji ya kuoshea yanafifisha wekundu kidogo tu.

MpimaChumvi

Nitajaribu zote mbili kwa chumvi safi. Limebaki moja: papa mwenyewe, hata baada ya kufunikwa, amerudisha asilimia 98 tu ya chumvi niliyomwongezea makusudi.

MzeeWaBureti

Je, AgNO3 uliitia kabla ya kumchemsha katika asidi au baadaye? Ikiwa ni baadaye, huenda sehemu ya kloridi ilitoka na mvuke. Itie kabla, kisha utuletee namba.